Kreatini pamoja na chakula cha mchana

Wenzangu wa jimu hapa Malindi hununua glukosi ya pakiti ili kreatini, kirutubisho cha nguvu za misuli, iingie misulini. Mimi hukoroga gramu 5 za kreatini katika maji ya vuguvugu na kuinywa pamoja na wali wa nazi na samaki. Wanga na protini hupandisha insulini, inayosaidia misuli kuvuta kreatini, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilitumia takriban gramu 93 za sukari kwa kila dozi, nyingi mno, na faida yake ni ya siku za mwanzo tu, kwani baada ya wiki nne hivi misuli hujaa kreatini kwa vyovyote. Kinywaji cha kuchangamsha kabla ya mazoezi nacho hakiongezi ufyonzaji wa kreatini; soma kibandiko chake, maana huenda tayari kina kreatini, na dozi ikizidi tumbo huendesha.