Kesi bado iko mahakamani: tuweke tengo au tuieleze tu?

Msimu wa kufunga hesabu, kauli ninayoisikia sana kwa wahasibu wenzangu wa Kigoma na Tabora ni hii: "Kesi haijaamuliwa, kwa hiyo hatuandiki kitu." Kiwango cha kimataifa cha IAS 37 hakisemi hivyo, na kampuni ndogo zinazotumia IFRS kwa SME zitakuta kanuni zilezile katika sehemu ya 21. Hukumu inaweza kuwa mbali na deni likawa tayari limeshaingia vitabuni kama tengo, yaani deni ambalo kiasi chake au tarehe ya kulilipa bado haina uhakika. Tufuate mfano mmoja wa kutunga mpaka mwisho.

Kampuni ya usafirishaji ya Kigoma inafunga mwaka tarehe 31 Desemba 2024. Mwezi Novemba lori lake lilipakia dagaa wakavu Kibirizi kwenda Tabora. Turubai lilikuwa limechanika, mvua ikanyesha njiani baada ya Uvinza, na mzigo ukafika umeoza. Mwenye mzigo amefungua kesi akidai shilingi milioni 38: milioni 26 thamani ya dagaa, na milioni 12 faida anayosema angeipata.

Hatua ya 1: Tafuta tukio, kisha tarehe yake.
Swali la kwanza ni kama kulikuwa na wajibu tarehe 31 Desemba, unaotokana na jambo lililokwisha kutokea. Hapa tukio ni mzigo kulowa mikononi mwa msafirishaji mwezi Novemba. Kufunguliwa kwa kesi si tukio hilo, na hukumu pia si tukio hilo. Mahakama inakuja kuthibitisha kilichotokea barabarani. Kama lori lingelowesha mzigo tarehe 9 Januari 2025, hesabu za 2024 zisingebeba hata shilingi moja ya tengo, ingawa tukio kubwa la namna hiyo lingeelezwa katika maelezo ya hesabu.

Wakati mwingine wajibu wenyewe unabishaniwa: dereva anaapa kwamba dagaa walipakiwa wakiwa tayari na unyevu. Hapo unapima ushahidi wote uliopo, yaani hati ya kupokelea mzigo, picha, maelezo ya dereva na maoni ya wakili. Ushahidi ukielemea kuonyesha kwamba wajibu ulikuwepo, unaendelea na hatua ya pili. Usipoelemea huko, una wajibu unaowezekana tu, nao ni deni tarajiwa: hauingii kwenye mizania, unaelezwa.

Hatua ya 2: Pima uwezekano wa kulipa.
Kipimo ni kama kulipa kuna uwezekano mkubwa kuliko kutolipa, yaani zaidi ya asilimia 50. Ukivuka hapo, na kiasi kikakadirika kwa namna ya kuaminika, weka tengo. Usipovuka, eleza. Uwezekano ukiwa mdogo mno, huandiki wala huelezi.

Hapa ndipo barua ya wakili inapohitajika, na ombi lako liwe mahususi. Ukimwuliza "kesi inaendeleaje?" atakujibu "tunaendelea kujitetea kwa nguvu", na jibu hilo halimsaidii mhasibu wala mkaguzi. Mwulize kila kipande cha dai peke yake: thamani ya mzigo, faida iliyopotea, gharama za kesi za upande wa pili. Katika mfano wetu wakili anajibu kwamba kampuni huenda ikashindwa kwenye thamani ya mzigo, kwa sababu hati ya kupokelea imesainiwa bila dosari yoyote kuandikwa. Madai ya faida anayaona dhaifu, kwani hakuna mkataba wa mnunuzi wa Tabora uliowasilishwa, lakini hayapuuzi.

Hatua ya 3: Kadiria na uandike.
Dai moja limegawanyika. Thamani ya mzigo milioni 26, pamoja na gharama za upande wa pili ambazo wakili anazikadiria milioni 2, ni tengo la milioni 28:

Debiti: Gharama za madai ya mizigo 28,000,000
Krediti: Tengo la madai ya kesi 28,000,000

Zile milioni 12 zinabaki kwenye maelezo ya hesabu kama deni tarajiwa: aina ya dai, makadirio ya athari yake, na mambo yasiyo na uhakika. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kutenga milioni 38 zote "kwa usalama". Tengo lililovimbishwa linapunguza faida ya mwaka huu, kisha likifutwa mwakani linaipandisha ile inayofuata, na msomaji wa hesabu anapotoshwa mara mbili.

Hatua ya 4: Usifunge faili mpaka hesabu zisainiwe.
Tuseme hukumu inatoka Februari 2025 kabla wakurugenzi hawajaidhinisha hesabu, na jumla ni milioni 27. Kwa IAS 10, kiwango cha matukio ya baada ya tarehe ya kufunga hesabu, hukumu hiyo inathibitisha wajibu uliokuwepo Desemba, kwa hiyo tengo la 2024 linarekebishwa kutoka milioni 28 hadi 27. Ikitoka baada ya kuidhinishwa, tofauti inaingia hesabu za 2025.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kasulu:* Mwalimu, shikamoo. Tuna bima ya mizigo. Kwa nini nisiandike tu sehemu ambayo bima haitalipa?

Marahaba. Kwa sababu mwenye mzigo anaidai kampuni, haidai bima. Tengo linabaki milioni 28 kamili. Fidia ya bima unaiandika kama mali peke yake, na pale tu inapokuwa karibu ni hakika, kwa mfano kampuni ya bima imekubali dai kwa maandishi, tena isizidi kiasi cha tengo. Kwenye taarifa ya mapato gharama na fidia zinaweza kuonyeshwa kwa jumla moja, lakini kwenye mizania hazikatani.

*Kutoka Nzega:* Wakili akisema asilimia 60 tutashindwa, tusizidishe 26 kwa 0.6 tupate milioni 15.6?

Hapana, ndugu yangu. Hakuna matokeo ya milioni 15.6 hapa: utalipa takriban 26 au hutalipa. Kwa dai moja, matokeo yenye uwezekano mkubwa zaidi ndiyo makadirio ya kuanzia. Kuzidisha kwa uwezekano kunafaa madai madogo mengi yanayofanana, kama dhamana za pikipiki mia kadhaa zilizouzwa.

*Kutoka Uvinza:* Mkurugenzi anagoma. Anasema mpinzani akisoma maelezo atajua tumekubali kosa.

Hofu yake ina msingi, na kiwango kimeizingatia. Katika hali za nadra sana, ufafanuzi ukiweza kuharibu vibaya msimamo wenu kwenye mgogoro, mnaruhusiwa kuacha maelezo hayo mahususi. Lakini mtaeleza asili ya mgogoro kwa ujumla, na mtasema kwamba maelezo yameachwa na sababu yake. Ruhusa hiyo haigusi tengo lenyewe. Linaandikwa, na linaweza kuonyeshwa pamoja na matengo mengine ya aina hiyo.

*Kutoka Urambo:* Chama chetu cha tumbaku kina ghala lenye paa bovu. Mwenyekiti anataka tutenge milioni 15 za matengenezo ya mwakani.

Hilo si tengo, dada. Hamdaiwi na mtu yeyote tarehe ya kufunga hesabu. Mnaweza kuuza ghala au kuahirisha kazi. Liwekeni kwenye bajeti. Mkiwa mmeshasaini na fundi na kufikia tarehe ya kufunga amemaliza nusu ya kazi bila kulipwa, nusu hiyo ni deni la kawaida kwa fundi.