Somo: Kupitia noti kila wiki na kila mwezi ili mada za muhula ziungane (mfano wa Biolojia)

Mwanafunzi anayemaliza muhula akiwa na daftari lililojaa huwa mara nyingi na mada nne ambazo kila moja imekaa kivyake. Anaweza kueleza moyo, na anaweza kueleza figo, lakini akiulizwa yurea, taka inayotengenezwa kwenye ini, inafikaje kwenye figo huchora mshale mmoja mnyoofu kutoka ini hadi figo, mshale ambao mwilini haupo. Kosa la namna hii halirekebishiki kwa urahisi katika kipindi cha marudio, kwa sababu wakati huo kila mada husomwa upya peke yake, kama ilivyofundishwa.

Nitatumia mada nne zinazofuatana katika Biolojia ya sekondari: usafirishaji katika wanyama, ubadilishanaji wa gesi, upumuaji wa seli, na utoaji wa taka mwilini. Vifaa ni karatasi za A4, folda moja, kalamu ya buluu na kalamu nyekundu. Kalamu za kupaka rangi za kung'aa unaweza kuziacha dukani. Zinafanya ukurasa upendeze bila kukuonyesha usichokijua.

Hatua ya kwanza: ukurasa wa wiki

Mwishoni mwa juma, funga daftari na uandike kwa kalamu ya buluu, kwenye upande mmoja wa karatasi, yote unayoyakumbuka ya wiki hiyo. Dakika 20 zinatosha. Kufunga daftari ndiko kiini cha hatua hii. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana mtu anayesoma noti zake upya hutoka akiwa na uhakika ambao baada ya siku chache haupo tena.

Hatua ya pili: kalamu nyekundu

Fungua daftari, kisha ujaze kwa nyekundu ulichosahau na usahihishe ulichokosea. Usinakili ukurasa upya ili uwe safi. Wekundu huo utauhitaji mwisho wa mwezi, kwa kuwa unaonyesha mahali palipolegea.

Hatua ya tatu: sentensi ya kiungo

Chini ya ukurasa andika sentensi moja inayounganisha wiki hii na wiki yoyote iliyotangulia. Sentensi hiyo lazima iseme kinachotendeka na sababu yake. "Damu inahusiana na mapafu" si kiungo, kwa maana hata asiyesoma Biolojia anaweza kuiandika. Kiungo ni kama hiki: "Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, kwa sababu damu hiyo imetoka kwenye tishu ambako seli zimeitumia oksijeni katika upumuaji." Ukishindwa kuandika sentensi yenye "kwa sababu" ndani yake, basi mada mojawapo kati ya hizo mbili hujaielewa, na hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu Jumatatu.

Hatua ya nne: safari ya mwezi

Katika wiki ya 4, ya 8 na ya 12, tandaza mezani kurasa zote ulizonazo. Usizisome kwa mpangilio. Chagua kitu kimoja kinachosafiri mwilini, ukifuate kutoka ukurasa hadi ukurasa, ukiandika kila kituo kinachopita.

Tuchukue mfano wa wiki ya 12. Mwanafunzi amekula githeri, na maharagwe yana protini. Protini imemeng'enywa kuwa asidi amino, ambazo zimefyonzwa katika utumbo mwembamba na kubebwa na vena ya lango hadi kwenye ini. Asidi amino zinazozidi mahitaji haziwezi kuhifadhiwa, kwa hiyo ini huondoa kundi la amino, ambalo hutoa amonia, na kwa kuwa amonia ni sumu ini huigeuza kuwa yurea. Hapa ndipo wengi huchora ule mshale mnyoofu. Sasa rudi kwenye ukurasa wa moyo uufuate mkondo wa damu kwa uaminifu. Yurea hutoka kwenye ini kwa vena ya ini, huingia vena kava ya chini, hufika upande wa kulia wa moyo, kisha husukumwa na ateri ya mapafu hadi kwenye mapafu.

Ndiyo, yurea hupita kwenye mapafu kabla ya kufika kwenye figo. Haitolewi huko, kwa sababu si gesi. Hurudi na vena ya mapafu upande wa kushoto wa moyo, hutoka kwa aota, na sehemu yake tu ndiyo inayoingia ateri ya figo. Iliyobaki huendelea kuzunguka na damu nyingine. Mwanafunzi akifika hapa ameunganisha usafirishaji, mapafu na figo kwa swali moja, na anaweza kueleza kwa nini damu ya vena ya figo ina yurea kidogo kuliko ya ateri ya figo.

Safari ikikwama, tazama ukurasa ilipokwamia. Mara nyingi utakuta wekundu pale pale. Soma sehemu hiyo peke yake, kisha uendelee na safari. Mwezi mwingine fuata kaboni dioksidi, ambayo huanzia kwenye seli na kutokea puani.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Umoja: Mwalimu, kijana wangu ni mwanafunzi wa kutwa na hufika nyumbani usiku akiwa amechoka. Anaweza kufanya ukurasa wa wiki ndani ya matatu?

Jibu: Mama, ndani ya matatu anaweza kujikumbusha kimoyomoyo, na itamsaidia. Lakini kuandika na kusahihisha kunahitaji meza. Mpe nusu saa Jumamosi asubuhi, kabla ya shughuli nyingine za nyumbani.

Mwanafunzi wa bweni: Shikamoo mwalimu. Tuko wiki ya 7 na sijaanza. Je, niandike kurasa zote sita zilizopita?

Jibu: Marahaba. Hapana, utachoka kabla hujafika wiki ya 3. Andika ukurasa wa wiki hii, kisha ukurasa mmoja tu wa kumbukumbu kwa wiki zote zilizotangulia. Safari ya wiki ya 8 itakuonyesha sehemu chache za kurudia. Nyingine ziache kwa sasa.

Mwalimu wa Hisabati, Kasarani: Mwenzangu, katika Hisabati hakuna kitu kinachosafiri. Nifanyeje?

Jibu: Ni kweli, safari haifai huko. Zoezi lililo chini ya kichwa cha mada tayari limemwambia mwanafunzi mbinu ya kutumia, hivyo mwisho wa mwezi mpe maswali manne yasiyo na vichwa, moja kutoka kila wiki, na umtake aseme mbinu kabla ya kukokotoa. Mfano ni ngazi ya mita 5 iliyoegemea ukuta, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukutani. Akiulizwa inafika juu kiasi gani, atatumia kanuni ya Pithagora apate mita 4. Akiulizwa pembe kati ya ngazi na ardhi, atatumia kosaini, 3 kwa 5, apate takribani digrii 53. Mchoro ni ule ule, na asiyeweza kusema kwa nini mbinu imebadilika ndiye wa kurudishwa kwenye ukurasa wake wa wiki.