Usinitumie picha ya mdomo wa gunia

Jamani wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge, picha za mahindi mnazotuma watsap nazifungua zote, ila karibu zote zinafanana: gunia limefunguliwa mdomo, simu imeshikwa juu juu, flashi imewaka, afu swali "bwana shamba, haya yako salama?" Picha hiyo hainisaidii mimi wala wewe, maana kuvu mara nyingi linaanzia chini palipogusa sakafu au ubavuni palipoegemea ukuta, na mdomoni unakuta mahindi meupee.

Mwezi wa tisa mama mmoja alinitumia picha ya namna hiyo, magunia sita, mahindi yanapendeza, na dawa ya vumbi ameshanunua. Nikamwambia mama naomba utafute bambo, uchome kila gunia juu, katikati na chini kabisa, kila sehemu uimwage kwenye sahani yake nyeupe, punje zisilaliane, uweke na sarafu pembeni nione ukubwa, upige nje kivulini bila flashi, simu kama shubiri moja hivi kutoka kwenye sahani. Kila sahani apige mara mbili, ya kwanza kama ilivyo, ya pili baada ya kuzipuliza punje kwa nguvu.

Hapo kwenye kupuliza ndo pa kuangalia sana. Unga wa mdudu ukipulizwa unaruka na punje inabaki safi, labda na tobo. Kuvu haliruki, linabaki limeng'ang'ania, hasa pale kwenye kiini, lina rangi ya kijani kijani, kijivu au pinki, na punje zinashikana kama zimegandishwa. Magunia yake manne yalikuwa na unga kidogo na matobo machache, yale mawili yaliyokaa chini bila chaga, sahani ya chini ilikuwa na bonge la kijani. Angepiga dawa yote sita angekuwa ametupa hela, dawa ya wadudu haiui kuvu!

Unga ukiwa mwingi mpaka unajaza kiganja, huyo ni dumuzi, yule mnayemwita skania, na nyie wa Tabora hamhitaji kufundishwa maana Afrika nzima alianza kuonekana huku. Fukusi anatoa unga kidogo. Ila msidanganyike na punje isiyo na tobo, fukusi anataga ndani ya punje na tobo unaliona akishatoka, inaweza kupita wiki tano hivi. Kwa hiyo punje za katikati ya gunia jaza mpaka nusu ya chupa tupu ya maji, iliyokauka ndani, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, piga picha kila baada ya siku saba kwa wiki tano. Maharage yana nafuu kidogo, kabla mdudu hajatoka unaona kidirisha cha mviringo kwenye ngozi, kama doa la mafuta, picha ya karibu inakionesha.

Yale manne tulifanya hivi. Akamwaga kwenye turubai, akachekecha unga wote, akaanika mpaka yakakauka kabisa, akayaacha yapoe, ndo akachanganya dawa gramu 100 kwa gunia la kilo 100 kama paketi ilivyosema, akigeuza kwa koleo mpaka hakuna punje isiyoguswa. Kilo 100 ni za mizani jamani, siyo gunia la lumbesa unaweka paketi ileile afu unasema dawa feki! Na dawa haimfikii mtoto wa mdudu aliye ndani ya punje, kwa hiyo ukiona wawili watatu wanatoka siku zinazofuata na kufa, usiongeze nyingine.

Yale mawili yenye kuvu hayakuokolewa kwa kuanika. Jua linakausha tu, sumukuvu inabaki, na kupika hakuiondoi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Picha nayo haioni sumu, inaona kuvu tu. Mabonge na punje zote zenye rangi alizifukia, na nilimkatalia kuwapa kuku, kupikia pombe, au kuchanganya na yale mazuri "yapungue makali". Kuchambua kunapunguza sumu ila hakumalizi, kwa hiyo hata yaliyobaki kwenye magunia hayo nilimwambia asile wala asiuze mpaka yapimwe.

Mengine yakapanda chaga, mbali na ukuta kiasi mtu apite. Sahani zikitoka bila unga mpya, sawa. Bambo linarudi kila wiki mbili, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, kila wiki, chini kwanza.