Jinsi ya kuandika andiko la kuomba kuanzisha huduma ya unasihi shuleni

Andiko huelekezwa kwa mkuu wa shule, naye hulifikisha kwenye bodi. Kurasa nne zinatosha. Anza na hali halisi ukitumia kumbukumbu ambazo shule tayari inazo: utoro, adhabu zinazojirudia, walioacha masomo. Taja idadi tu, bila jina la mwanafunzi.

Kisha gawa majukumu. Mnasihi asiwe mwalimu wa nidhamu, kwani mtoto aliyeadhibiwa asubuhi hatamfungulia moyo mtu yuleyule mchana. Omba apunguziwe vipindi na apewe chumba ambacho maongezi hayasikiki nje. Waelimishaji rika wawaelekeze wenzao kwa mnasihi, wasiwape unasihi wao wenyewe.

Sehemu ya usiri ndiyo inayoharibu maandiko mengi. Wengi huandika kwamba kila kitakachosemwa kitabaki siri, na ahadi hiyo haitekelezeki. Andika mipaka waziwazi: siri itafunguliwa mwanafunzi akiwa katika hatari ya kujidhuru, ya kumdhuru mwingine, au akifanyiwa ukatili. Weka na maneno ambayo mnasihi atayasema kabla mtoto hajaanza kueleza: “Tutakayozungumza yanabaki hapa. Lakini nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini, nitalazimika kumwambia anayeweza kusaidia, na nitakujulisha kwanza.” Mafaili yatumie namba badala ya majina na yafungiwe kabatini. Mwalimu aliyemleta mwanafunzi ajibiwe tu kwamba amefika na anahudumiwa. Bila kanuni hiyo, habari hufika chumba cha walimu kabla ya saa ya chai.

Njia za rufaa zieleze kwa mfano. Tuseme msichana wa miaka 14 anamwambia mnasihi kwamba jana usiku ndugu anayeishi nao alimbaka. Mnasihi anamsikiliza bila kumhoji kama mpelelezi, na anaandika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Hapigi simu nyumbani kwanza, maana mtuhumiwa yuko hukohuko. Anamjulisha mkuu wa shule na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na mtoto anasindikizwa hospitali na mtu mzima anayemwamini. Haraka hiyo ina sababu: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Polisi wanajulishwa kwa utaratibu wa sheria ya mahali hapo, na mkuu anaelezwa yale tu anayohitaji ili kumlinda mtoto.

Mwishoni ambatisha orodha ya hospitali, ustawi wa jamii na dawati la polisi, pamoja na cheo cha mhusika na namba yake ya simu. Piga kila namba kabla ya kuwasilisha, kisha acha nafasi ya saini ya mkuu na tarehe ya kupitia huduma mwisho wa muhula wa kwanza.