Barua ya kuomba ada ya bima ya moto ipunguzwe

Ukishafunga ving'ora vya moto na vinyunyizio vya maji, iandikie kampuni ya bima wiki kadhaa kabla ya kuhuisha bima, maana ada ikishapangwa ni vigumu kuirudisha mezani. Taja namba ya bima, jengo, na sehemu zipi zimefungwa vifaa. Kama stoo haina vinyunyizio, sema wazi; mkaguzi ataiona tu.

Risiti ya fundi haitoshi, inathibitisha malipo tu. Ambatisha cheti cha majaribio baada ya ufungaji, ramani ya vinyunyizio na mkataba wa matengenezo. Kisha andika: "Tunaomba mtume mkaguzi, na ada ipitiwe upya kulingana na ripoti yake." Kabla hajafika, shusha maboksi yaliyokaribia vinyunyizio, yanazuia maji kusambaa.