Somo: Kijani cha mashamba ya chai kisife kwenye CMYK

Leo tuchukue mchoro mmoja tu: kilima cha chai cha Tukuyu baada ya mvua, kwa ajili ya kalenda inayochapwa Mbeya mjini. Kwenye skrini machipukizi yanang'aa, kila jani linajitenga na mwenzake. Ukichapa ovyo, unapata bapa la kijani lisilo na majani. Wengi husema "rangi imefifia", lakini kufifia ni jambo dogo. Hasara kubwa ni kwamba rangi tatu zilizokuwa tofauti zimegeuka kuwa rangi moja.

Sababu ni hii. Skrini inatoa mwanga wa RGB, wino wa CMYK unaumeza. Kijani kikali cha RGB hakifikiwi na mchanganyiko wowote wa saiani na njano. Programu inapobadilisha RGB kuwa CMYK, kila kijani kilichovuka uwezo wa wino inakisogeza mpaka ukingoni. Vijani vingi vikirundikana pale ukingoni, mistari ya majani inapotea. Kwa hiyo kazi yetu ifanyike kabla ya kubadilisha, mchoro ukiwa bado RGB.

Hatua ya 1. Muulize mchapaji anatumia profaili gani ya rangi, karatasi gani, na kikomo chake cha wino ni asilimia ngapi. Karatasi ya kung'aa inabeba rangi nyingi kuliko ile ya kawaida inayofyonza. Akisema hana profaili maalumu na karatasi ni ya kung'aa, mimi huanza na Coated FOGRA39.

Hatua ya 2. Hifadhi faili la RGB lenye leya zake zote, kisha fanyia kazi nakala. Kwenye Photoshop nenda `View > Proof Setup > Custom`, chagua profaili hiyo, weka `Relative Colorimetric` na `Black Point Compensation`. Bonyeza `Ctrl+Y`: sasa unaona kwa makadirio kitakachotoka mashineni. Bonyeza `Shift+Ctrl+Y`, na sehemu zilizovuka mipaka zitafunikwa kijivu.

Hatua ya 3, na hapa msiharakishe. Fungua dirisha la `Info`, liweke lisome `Proof Color`, kisha pitisha kipimio juu ya ncha ya chipukizi na juu ya jani la jirani yake. Kwenye mchoro huu vyote viwili vilisoma saiani karibu 60 na njano 100. Jicho linaona tofauti kwenye RGB, wino hauna habari nayo.

Ongeza leya ya `Hue/Saturation`, chagua `Greens`, shusha `Saturation` taratibu, halafu fanya hivyo kwenye `Yellows`. Msifukuzane na kila doa la kijivu hadi liishe. Mtaua mchoro mzima kwa ajili ya ncha chache. Kisha rudisha majani kwa mwanga na kivuli: leya ya `Curves` yenye modi ya `Luminosity`, inua ncha, zamisha vivuli. Nilipomaliza, ncha ilisoma saiani 30 na njano 90. Jani la kati saiani 60, majenta 5, njano 100. Kivuli saiani 85, majenta 35, njano 100, nyeusi 20. Jumla ya wino kwenye kivuli ni 240, salama kabisa. Ncha sasa inaonekana kali kwa sababu imekaa karibu na giza.

Hatua ya 4. Unganisha leya za nakala, kisha `Edit > Convert to Profile`. Maandishi ya tarehe yaweke nyeusi 100 peke yake, yasichanganywe wino nne, la sivyo mashine ikisogea kidogo herufi zitaota kivuli cha rangi.

Hatua ya 5. Omba kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile, ukitazame mchana karibu na dirisha.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Mwalimu, mchapaji wangu ana mashine ya dijitali, anasema nimpelekee RGB tu. Nimkatalie?

Usimkatalie, ndugu yangu. Mashine nyingi za dijitali hubadilisha vizuri zenyewe. Ila hatua ya 3 fanya vilevile, kwani hakuna mashine inayojua ni jani lipi ulitaka lionekane.

Mdau wa Iringa: Anga langu la buluu linatoka zambarau. Skrini haionyeshi hivyo.

Dada, angalia majenta. Ikikaribia saiani, buluu inaegemea zambarau. Iache iwe chini ya saiani kwa pointi 30 au zaidi: saiani 90, majenta 55 itabaki buluu.

Mdau wa Makambako: Nilishabadilisha na nikahifadhi. Nikirudi `RGB Color`, je, ukali utarudi?

Haurudi. Namba zitakuwa za RGB, lakini rangi zitakuwa zilezile zilizokatwa. Fungua faili la hatua ya 2 uanzie hapo.

Mdau wa Mafinga: Na `Assign Profile`, si ni kitu kilekile?

Hapana. Hiyo haibadilishi namba, inabadilisha tafsiri yake tu. Kwa kazi hii tumia `Convert to Profile`.