Ukiomba chama cha wanataaluma kiwasambazie wanachama nafasi ya kazi

Andika tangazo lenyewe ndani ya barua pepe, chini ya ombi lako, likiwa tayari kunakiliwa. Ombi kwa katibu liwe sentensi mbili tu, kisha mstari wa kutenganisha, kisha tangazo linalomsemesha mwanachama moja kwa moja: "Mhasibu wa mradi, mkataba wa miaka 2, awe na usajili hai wa bodi. Mwisho wa maombi: Ijumaa tarehe 28 Agosti. Tuma wasifu kwa anwani hii." Makatibu wengi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, tena kwa simu. Kiambatisho cha kurasa nne kinamtaka afungue, asome, afupishe. Basi anakiweka kando hadi tarehe inapita. Maandishi mafupi anayabandika kwenye kundi la wanachama papo hapo. Na tarehe ya mwisho iandikwe kamili, kwa sababu "ndani ya wiki mbili" hupoteza maana ujumbe ukishapokezanwa. Mbinu hii haisaidii pale chama kinapotoa matangazo kwa jarida la mwezi tu, au kinapotoza ada. Hapo uliza kwanza ada au siku ya kufunga jarida, ndipo upange tarehe yako.